Tepe Mbili kwa Pikseli Nane: Kuunda Picha ya Kiroba cha Mchele

Mama mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Igurusi alikuja ofisini kwangu Mwanjelwa, Mbeya, akiwa amekunja kiroba chake kitupu cha zamani kwapani. Alikuwa anataka kuagiza viroba vipya vya kilo 25, na kabla ya kulipia pleti za kuchapia alitaka picha ya kiroba kilichojaa, kilichoshonwa mdomo na kubeba jina la biashara yake, ili awatumie wanunuzi wake wa Dar es Salaam wakione mapema. Kiroba kipya chenyewe kilikuwa bado hakijachapishwa, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kupiga picha. Nilimwambia kwamba ningeiunda picha hiyo kwa programu ya akili unde, nami niliamini kwamba kazi ingekwisha kabla ya chakula cha mchana. Ilinichukua siku nne, na ninaandika haya kwa sababu nilichojifunza ndani ya siku hizo kinamhusu kila mbunifu wa huku Nyanda za Juu Kusini anayepata wateja wa mchele, unga na mbolea.

Prompti yangu ya kwanza, yaani maelezo niliyoiandikia programu, ilikuwa hii:

```
rice sack with woven texture, stitched top, brand logo
```

Picha iliyotoka ilipendeza, lakini haikuwa kiroba. Lilikuwa gunia la kahawia la nyuzi nene, mdomo uko wazi na mchele umefurika juu kama lumbesa, pembeni kuna kamba, na katikati kuna nembo yenye herufi zisizosomeka. Mishono ilikuwepo kweli, ila ilizunguka gunia zima kama mapambo ya mkoba wa ngozi. Mama aliitazama kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, hili ni gunia la kahawa. Mimi sijawahi kuuza mchele kwenye katani."

Alikuwa na haki. Neno `sack` likiachwa peke yake huivuta programu kwenye magunia ya katani na juti, na maneno `woven texture` huizidishia hamu hiyo, kwa kuwa kitu kilichofumwa ambacho programu imekiona mara nyingi ni kile chenye nyuzi za mviringo na vinyweleo. Kiroba chetu, ambacho wengine hukiita salfeti au sandarusi, hakina uzi wa namna hiyo hata mmoja. Kimefumwa kwa tepe bapa za plastiki ya polipropilini, ambazo hupita moja juu na moja chini. Mashine inayokifuma huzunguka na kutoa bomba refu la kitambaa, ndiyo maana kiroba cha kawaida hakina mshono ubavuni. Kina mshono wa chini, aliouweka mtengenezaji, na mshono wa juu, anaouweka mwenye mzigo baada ya kujaza.

Basi nilikichukua kiroba cha mama, nikakitandaza mezani, nikaweka rula. Kilikuwa na upana wa sentimita 45, na tepe zake nilizihesabu kuwa nne ndani ya kila sentimita moja, maana yake kila utepe ulikuwa na upana wa milimita mbili na nusu. Kikijazwa na kushonwa, urefu wake ulikuwa sentimita 65 hivi. Vipimo hivi ndivyo vilivyokuja kunieleza karibu kila kosa lililofuata.

Prompti ya pili niliiandika kwa kuutaja mfuko kwa jina lake kamili, umbo lake na jinsi ulivyofungwa:

```
product photo of one full woven polypropylene sack, plain white,
unprinted, pillow-shaped, standing upright, top sewn shut flat with
a single straight row of chain stitch, matte, soft side light
```

Pamoja nayo niliweka prompti ya kukataza, yaani orodha ya vitu ambavyo programu ivikwepe:

```
burlap, jute, rope, open top, gusset, glossy, text, letters, logo
```

Ninatumia SDXL kwenye kompyuta yangu, na programu hiyo ina sehemu mbili tofauti za kuandikia maelezo hayo. Jambo la kuangalia hapa ni kwamba makatazo hayafai kuandikwa ndani ya prompti kuu. Ukiandika `no rope` humo, programu huliona zaidi neno `rope` kuliko hilo `no`, na kamba inakuja. Neno `gusset` ni ule mkunjo wa ubavuni unaoufanya mfuko usimame kama boksi. Kiroba cha mama hakina mkunjo huo, kwa hiyo kikijazwa huwa kama mto wa kulalia, tumbo limevimba na pembe mbili za juu zimebaki bapa, zimechomoza kama masikio. Masikio hayo ni alama ambayo mtu wa mashineni huitafuta kwanza bila hata kujua kwamba anaitafuta.

Safari hii umbo lilikuja sawa. Msuko ndio uliokataa. Sehemu moja ya kiroba ilionekana kama sweta, nyingine kama wavu wa mbu, na tumboni palikuwa na mawimbi ya miraba yaliyokuwa yakipanuka na kubanana bila mpango. Niliongeza maneno: `detailed weave`, `each tape 2.5 mm wide`, `highly visible texture`. Kila neno lililoongezwa liliharibu zaidi, kwa sababu programu haipimi milimita, na kusisitiza msuko huifanya ichore tepe nene kama za kikapu, kiasi kwamba kiroba cha kilo 25 kinaonekana kama kifuko cha kilo moja.

Siku ya pili jioni ndipo nilipoacha kuongeza maneno na kukaa chini na hesabu. Picha yangu ilikuwa na pikseli 832 kwa 1216, ukubwa ambao SDXL huumudu vizuri. Kiroba kilichukua pikseli 1000 hivi za urefu huo, kwa hiyo sentimita 65 za kiroba zilikuwa zimegawana pikseli 1000, yaani takriban 15 kwa kila sentimita, na kila utepe wa milimita mbili na nusu ulipata karibu pikseli nne tu. Sasa, SDXL haichori pikseli moja moja. Inafanya kazi yake kwenye toleo la picha lililobanwa, ambamo kila nukta moja inawakilisha kijisanduku cha pikseli nane kwa nane, na mwisho kabisa sehemu nyingine ya programu hukifumua kila kijisanduku kuwa pikseli. Mzunguko mzima wa msuko, utepe mmoja juu na mwenzake chini, ulikuwa unahitaji pikseli nane, yaani uliingia mzima ndani ya nukta moja. Nilikuwa ninaiomba programu ipange kitu ambacho katika hatua yake ya kupanga hakina hata nafasi ya kuonekana. Kilichobaki ni ile hatua ya kufumua, nayo hubahatisha. Sweta, wavu na mawimbi ni matokeo ya kubahatisha huko.

Ukishalielewa hili, unajua ni kipi cha kuomba na kipi cha kutoomba. Kwenye picha inayoonyesha kiroba kizima sikuomba tena msuko. Niliomba kile ambacho jicho hukiona likiwa mita mbili kutoka kwenye kiroba: weupe usiong'aa sana, mng'ao hafifu unaofuata mikunjo, na punje za mchele zinazofanya uso usiwe laini kabisa. Niliondoa `detailed weave`, nikaweka `fine fabric, faint satin sheen`, na picha ikatulia. Ukisimama sokoni Soweto ukatazama viroba vilivyopangwa dukani, utaona kwamba na wewe huzioni tepe mpaka usogee.

Mama alihitaji pia picha ya karibu kwa ajili ya kipeperushi, na humo msuko lazima uonekane. Hesabu ile ile inasema ni karibu kiasi gani. Nikitaka kila utepe uenee kwenye vijisanduku viwili, yaani pikseli 16, basi upana wa picha wa pikseli 832 unatosha tepe 52, ambazo ni sentimita 13 za kiroba. Picha inayoonyesha kipande cha ukubwa wa kiganja, kwa maneno kama haya, hutoka vizuri:

```
macro photo of white woven polypropylene fabric, flat plastic tapes,
plain weave, raking light from the left
```

Mwanga wa kupita ubavuni ndio unaoufanya msuko usomeke, kwa kuwa kila utepe unaopita juu hutupa kivuli chembamba kwa jirani yake. Hata hivyo, ninasema wazi kwamba kwa kipande hiki cha kazi mara nyingi ninaiacha programu na kukipeleka kiroba chenyewe nje saa moja asubuhi, jua likiwa bado chini upande wa Uyole, nikakipiga picha kwa simu. Picha hiyo haina utepe uliopotea njia, wakati picha iliyoundwa, ukiifuata utepe kwa utepe, karibu kila mara ina mahali ambapo tepe mbili zinapita juu pamoja au moja inayeyuka ndani ya nyingine. Kuupima msuko ni rahisi: chagua utepe mmoja, uufuate kwa kidole kutoka ukingo hadi ukingo, ukihesabu juu, chini, juu, chini. Ukikosea hesabu, rudia. Ukikosea mahali pale pale mara ya pili, kosa ni la picha.

Mshono wa juu nilikuwa nimeuona maisha yangu yote bila kuuangalia. Ilinibidi nipande daladala hadi Igurusi, nikasimama karibu na kijana anayeshona viroba kwa mama. Anatumia cherehani ya mkono iliyoning'inizwa kwa kamba. Anaukamata mdomo wa kiroba, anaunyoosha, anaipitisha mashine kutoka pembe hadi pembe kwa sekunde chache, kisha anaukata uzi na kuacha mkia wa urefu wa kidole. Mashine hiyo inatumia uzi mmoja, nao unajifunga wenyewe kwa mnyororo. Upande sindano inapoingilia unaona vistari vifupi vilivyonyooka vikifuatana, kwenye viroba vya mama kila kimoja kina milimita nane hivi. Ukikigeuza kiroba, unaona vitanzi, kila kimoja kimemezwa na mwenzake. Kijana alinionyesha jambo ambalo kila mnunuzi wa mchele analijua: ukikata upande sahihi na kuvuta uzi sahihi, mstari wote unafumuka kwa mvuto mmoja, ukikosea upande, utang'ang'ana na kisu.

Picha zangu hazikuwa na chochote kati ya hayo. Nyingine zilikuwa na mshono wa msumeno, nyingine na kitu kama zipu, na moja ilikuwa na uzi mnene uliopitishwa kwenye matundu kama kamba ya kiatu. Sababu ilikuwa hesabu ile ile. Pigo moja la milimita nane lilipata pikseli 12, yaani kijisanduku kimoja na nusu, na mapigo 56 yaliyopangwa kwenye upana wa sentimita 45 yalihitaji unyofu ambao programu haina nafasi ya kuupanga kwa udogo huo.

Dawa yake ni kuushona mdomo peke yake. Kwanza niliikuza picha nzima mara mbili, ikawa 1664 kwa 2432, na pigo moja likapata pikseli 24. Kisha niliifungua kwenye sehemu ya kurekebisha vipande vya picha, nikapaka alama kwenye nusu ya kushoto ya mdomo tu, nikachagua `Only masked` na kuweka ukubwa wa upana wa 1024. Chaguo hilo hukata kile kipande kilichopakwa pamoja na ukingo kidogo, hukikuza hadi ukubwa uliouweka, hukichora upya, kisha hukirudisha mahali pake kwa ukubwa wake wa awali. Nusu ya mdomo ilikuwa na pikseli 675 hivi, kwa hiyo wakati wa kuchorwa ilikuzwa mara moja na nusu na pigo likapata karibu pikseli 36, zaidi ya vijisanduku vinne. Hapo programu ilikuwa na nafasi ya kuushona mstari. Ningepaka mdomo mzima kwa mara moja, upana wake wa pikseli 1350 ungepunguzwa ili uingie kwenye 1024, na ningekuwa nimejirudisha nyuma bila kujua. Vilevile, anayefanya hatua hii bila kuikuza picha kwanza hupata mshono mzuri wakati wa kuchora, halafu unasinyaa na kuwa ukungu unaporudishwa mahali pake.

Prompti ya kipande hicho isieleze kiroba kizima, maana programu itajaribu kuingiza kiroba kizima ndani ya mdomo. Ieleze kile tu kilichomo:

```
flat folded edge of white polypropylene sack, one straight row of
short thread dashes, thread tail at the corner
```

Kiwango cha `Denoising strength` nilikiweka 0.5. Kikiwa chini ya 0.3 zipu ilibaki zipu, kikipita 0.7 ukingo wa mdomo ulihama na haukukutana tena na mwili wa kiroba. Nusu ya kulia niliirudia kwa njia hiyo hiyo, nikahakikisha kwamba mistari miwili inakutana katikati bila ngazi.

Kuhusu uchapaji, nilianza vibaya na kosa langu linafaa kuelezwa. Mama alitaka mstatili wa kijani wenye herufi nyeupe, kwa hiyo niliiomba programu ichore kiroba chenye mstatili wa kijani usio na maandishi, nikijua kwamba nitaweka herufi mwenyewe kwenye GIMP. Niliziweka kwa hali ya `Multiply`, ambayo huzidisha rangi ya juu na ya chini ili mikunjo na vivuli vya kiroba vipenye, na herufi zote zikatoweka. Nyeupe ikizidishwa na kijani hubaki kijani. Nilipokigeuza tena kiroba cha zamani cha mama ndipo nilipoelewa kwamba pale ambapo nilikuwa ninaona wino mweupe hapakuwa na wino wowote. Kiroba cheupe kinachochapwa moja kwa moja huwa kimeachwa wazi penye herufi, na weupe ni wa kiroba chenyewe. Tangu siku hiyo ninaiomba programu kiroba kitupu kabisa, halafu ninauweka mstatili wote, kijani chake na matundu ya herufi zake, kama tabaka moja la `Multiply`. Herufi zinapata weupe wenye vivuli na mikunjo ya kitambaa, na kijani kinakaa kama wino ulionyweka.

Kabla ya hapo mchoro unapaswa kupindishwa ufuate tumbo la kiroba. Ninanakili tabaka la kiroba, ninaliondolea rangi, ninalififisha kwa `Gaussian Blur` ya pikseli sita hivi ili punje ndogo zipotee na mikunjo mikubwa ibaki, kisha ninalitumia kama ramani kwenye `Filters > Map > Displace`. Penye kijivu cha katikati mchoro hausogei, penye mwanga unasogea upande mmoja na penye kivuli upande wa pili. Msogeo wa pikseli nane hadi kumi unatosha; ukizidisha, herufi zinaonekana kama ziko chini ya maji.

Maandishi siiachii programu kamwe, hata hizi mpya zinazoweza kuandika neno fupi bila kosa. Kwenye kiroba cha mchele herufi iliyopotoka ni aibu. Kwenye mfuko wa mbolea ni hatari, kwa sababu urea huandikwa 46-0-0 na DAP 18-46-0, na programu inayobahatisha tarakimu inaweza kutoa mchanganyiko usiokuwepo, ambao mkulima akiuona kwenye tangazo anaweza kuuamini. Nembo ya ubora ya TBS nayo huwekwa tu kwa mwenye leseni yake, kwa hiyo chochote kinachofanana nayo ambacho programu imekichora pembeni ninakifuta.

Mfuko wa mbolea una tofauti nyingine inayoonekana: ndani yake kuna mfuko wa nailoni wa kuzuia unyevu, na mara nyingi ukingo wake unachungulia juu ya mshono. Maneno `thin clear plastic liner edge showing above the stitching` huuleta. Unga nao hulala kwa ulaini ndani ya mfuko, hauna vipele vya punje, kwa hiyo ninaandika `smooth, softly slumped`.

Lakini neno lililonigharimu zaidi ni `glossy`. Mwaka mmoja kabla ya mama huyu, mteja mwingine alipokea kutoka kwangu picha ya kiroba kinachong'aa kama pakiti ya biskuti, akaipenda, akaagiza viroba kwa mchapaji mmoja. Vilipofika vilikuwa vimefifia, rangi zimekatika katika mianya ya tepe na kingo za herufi zina vijingazi. Mchapaji hakukosea. Mteja alikuwa amelipia uchapaji wa moja kwa moja juu ya msuko, na picha yangu ilikuwa inaonyesha kiroba kilichogandishiwa filamu ya plastiki iliyochapishwa, ambacho ni bidhaa nyingine yenye bei nyingine. Mimi ndiye niliyeacha programu ichague. Sasa swali la kwanza ninalomuuliza mteja ni kama kiroba chake kina filamu au hakina, na jibu lake ndilo linaloamua `matte` na `glossy` ziandikwe upande upi, na kama kingo za herufi nizikwaruze kidogo au niziache kali.

Siku ya nne nilirudi Igurusi na picha kwenye simu. Mama aliisogeza karibu na macho, akaukuza mdomo wa kiroba kwa vidole viwili, kisha akamwita yule kijana wa cherehani. Kijana akatazama masikio, akatazama mstari wa vistari, akaufuata hadi pembeni ulipo mkia wa uzi. "Huu ni upande wa sindano," akasema. "Shikamoo ya mteja inaanzia nyuma, kaka, kwenye vitanzi. Wanunuzi huwa wanakigeuza kwanza waone kama kimewahi kufunguliwa." Mama akaniangalia. Jioni ile nilikuwa mezani tena, nimepaka alama nusu ya kushoto ya mdomo, nikiandika `interlocking thread loops` mahali pa vistari.